Kotesheni Inayopiga Hesabu Yenyewe

Kotesheni nyingi zinazotoka karakanani huzaliwa kutokana na kotesheni ya mteja aliyetangulia. Karani hufungua faili la mwezi uliopita, hubadilisha jina, huwageuza viti vinne kuwa sita, hushika kikokotoo na kuandika jumla mpya ya mstari ule. Simu inalia, anapokea, na akirudi mezani hakumbuki kwamba jumla kuu iliyo chini kabisa bado ni ya mteja yule wa kwanza. Karatasi inapigwa muhuri na kutumwa. Kwa mteja, namba ya chini ndiyo bei aliyoahidiwa, na kumrudia kesho yake kumwambia imeongezeka ni jambo linalovunja imani hata kama hesabu ya pili ndiyo ya kweli.

Fomu ya PDF yenye visanduku vinavyojikokotoa huliondoa kosa hilo. Karani anajaza idadi na bei tu, na fomu yenyewe inazidisha, inajumlisha, inatoa punguzo na kuongeza VAT. Lakini fomu ya namna hii ina makosa yake ya kipekee, ambayo hayamtokei anayepiga hesabu kwa mkono, na karibu yote yana chanzo kimoja. Ndani ya kila kisanduku cha PDF mna vitu viwili: tarakimu inayoonekana na thamani iliyohifadhiwa. Aghalabu vinafanana. Siku visipofanana, fomu hukokotoa kwa kile ambacho msomaji hakioni.

Tuchukue karakana ya samani ya Mombasa. Mteja anataka viti 6 vya mvule kwa shilingi 7,500 kila kimoja, meza moja ya kulia ya shilingi 38,500, na kabati la vyombo la urefu wa mita 2.4, ambalo fundi hulitoza shilingi 21,350 kwa kila mita. Amepewa punguzo la asilimia 5. Mzigo atauchukua mwenyewe kwa gari lake, kwa hiyo nafasi ya usafiri inaachwa wazi, ila kulifunga kabati ukutani ni shilingi 4,000. Juu ya hayo yote kuna VAT ya asilimia 16.

Kabla ya kugusa kompyuta, piga hesabu hii kwa mkono na uiweke pembeni, kwa sababu ndiyo itakayotuambia kama fomu inasema kweli. Viti ni 45,000, meza 38,500, kabati 51,240, jumla 134,740. Punguzo ni 6,737, zinabaki 128,003. Ukiongeza ufungaji unapata 132,003, VAT yake ni 21,120.48, na jumla kuu ni shilingi 153,123.48.

Sura ya kotesheni, yaani nembo, anwani, mistari ya jedwali na masharti ya malipo, hutengenezwa kwa Word au programu yoyote uliyoizoea, kisha huhifadhiwa kama PDF. Faili hilo hufunguliwa kwa Adobe Acrobat Pro, kwenye zana iitwayo Prepare Form, na hapo ndipo visanduku huchorwa juu ya nafasi tupu. Acrobat Reader ya bure haiwezi kuchora visanduku, lakini inaweza kuvijaza na kuendesha hesabu zake, na hilo ndilo linalomfaa karani na mteja. Foxit na PDF-XChange nazo zina matoleo yanayoweza kazi hii, ingawa majina ya menyu yanatofautiana.

Lugha inayoandika hesabu ni JavaScript. Ilitengenezwa mwaka 1995 kwa ajili ya kivinjari cha Netscape, na baadaye Adobe wakaiingiza ndani ya Acrobat na kuipa maneno ya kushika visanduku vya fomu. Aliyejifunza kutengeneza tovuti ataitambua sarufi yake, lakini amri zake nyingi za kushika vitu vya ukurasa wa tovuti hazina kazi hapa. Ndani ya PDF kuna maneno mawili ya kuyajua kwanza. `this.getField("jina").value` huchukua thamani ya kisanduku chenye jina hilo. `event.value` ni kile kitakachoandikwa katika kisanduku chenye skripti.

Majina ya visanduku ndiyo msingi wa kazi yote, na ndipo wengi huharibikiwa mapema. Mtu huchora kisanduku cha idadi, akakinakili mara saba kwenda chini, kisha akiandika 6 mstari wa kwanza anaiona 6 mistari yote minane. Wala si hitilafu. Kwa PDF, visanduku viwili vyenye jina moja ni kisanduku kimoja kinachoonekana mahali pawili, na hushiriki thamani moja. Sifa hiyo inafaa kwa jina la mteja linalorudiwa kila ukurasa, lakini kwenye jedwali la bei haifai hata kidogo.

Njia nzuri ni kutengeneza mstari wa kwanza peke yake: visanduku vitatu viitwavyo `idadi`, `bei` na `jumla`. Fungua sifa za kila kimoja, uingie kichupo cha Format na uchague Number. Uteuzi huo hufanya kazi mbili, kwa kuwa unapanga alama za maelfu na desimali, na papo hapo unazuia herufi. Karani akijaribu kuandika "viti sita" fomu itamkatalia, na hiyo ni heri, maana neno likipenya kwenye hesabu ya kuzidisha, jibu lake si namba tena.

Kwenye kisanduku cha idadi kuna mtego mdogo, na hapa tunakutana kwa mara ya kwanza na ile tofauti ya kinachoonekana na kilichohifadhiwa. Kwa kuwa viti na meza huhesabika kizima kizima, mtengenezaji huchagua desimali sifuri ili isomeke 6, si 6.00. Kisha karani anaandika 2.4 kwa ajili ya kabati. Kisanduku kinaonyesha 2, lakini thamani iliyohifadhiwa ni 2.4, na hesabu inafuata hiyo. Mteja anasoma mstari unaosema 2 mara 21,350 ni 51,240. Akiishika simu yake na kuzidisha, anapata 42,700. Hesabu ya karakana ni sahihi kabisa, na mteja ana kila sababu ya kudhani ameibiwa. Format hupamba tu, haibadilishi thamani hata kidogo. Acha desimali mbili kwenye idadi, na 6.00 isikusumbue.

Sasa kisanduku cha `jumla`. Katika sifa zake kuna kichupo kiitwacho Calculate chenye njia tatu. Ya kwanza huchagua hesabu tayari kama kujumlisha au kuzidisha visanduku ulivyovitaja. Ya pili, Simplified field notation, inakuruhusu kuandika fomula fupi kama ya Excel. Ya tatu, Custom calculation script, ndiyo ya JavaScript kamili, na ndiyo tunayoitaka kwa mistari ya jedwali:

```
var n = event.target.name.split(".")[1];
var i = this.getField("idadi." + n).value;
var b = this.getField("bei." + n).value;
if (i === "" || b === "") event.value = "";
else event.value = Math.round(i * b * 100) / 100;
```

Mstari wa kwanza wa skripti unauliza: kisanduku hiki kinaitwaje, na baada ya nukta kuna namba gani? Kikiitwa `jumla.3`, jibu ni 3, na skripti itakwenda kuchukua `idadi.3` na `bei.3`. Kwa sababu hiyo skripti moja inatumika mistari yote bila kubadilishwa herufi. Nimeona fomu zenye mistari ishirini ambazo kila mstari una skripti yake iliyohaririwa kwa mkono, na mstari wa kumi na nne unachukua bei ya mstari wa kumi na tatu kwa sababu namba moja ilisahaulika. Kosa la namna hiyo linaweza kukaa mwaka mzima bila kuonekana, kwa kuwa kotesheni chache hufika mstari wa kumi na nne.

Skripti ikishaandikwa, chagua visanduku vyote vitatu kwa pamoja, bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Create Multiple Copies, uombe mistari minane kwenda chini. Acrobat inanakili visanduku pamoja na skripti zake, na inavipa majina `idadi.0`, `idadi.1` na kuendelea. Hesabu inaanzia sifuri. Yapitie majina hayo kwenye orodha ya visanduku kabla ya kusonga mbele, maana kila kitakachofuata kinayategemea.

Mstari wa nne wa skripti unasema kwamba idadi au bei ikiwa wazi, jumla nayo ibaki wazi. Bila huo, mistari mitano isiyotumika ingejaa 0.00 hadi chini na kotesheni ingeonekana kama haijakamilika.

Mstari wa mwisho unazidisha kisha unakadiria hadi senti, na watu huuliza kwa nini, ilhali Format tayari inaonyesha desimali mbili. Jibu liko kwenye mfano wa mbao za ukingo. Ubao wa mita tatu unauzwa shilingi 1,000, kwa hiyo karani anaweka 333.33 kwa mita. Mteja anahitaji mita 1.25 kwa kila chumba, vyumba vitatu, kila kimoja na mstari wake. Zidisha: 416.6625. Fomu inaonyesha 416.66, mara tatu. Mtu yeyote mwenye kikokotoo atajumlisha 416.66 tatu na kupata 1,249.98. Fomu isiyokadiria inajumlisha thamani zilizohifadhiwa, pamoja na zile desimali zilizofichwa, na kupata 1,249.9875, ambayo inaonyeshwa kama 1,249.99. Tofauti ni senti moja. Kwa mteja wa nyumbani haina uzito, lakini mhasibu wa shule au wa hoteli anayelinganisha kotesheni tatu huijumlisha kila karatasi upya, na isiyolingana huirudisha. `Math.round(i * b * 100) / 100` huondoa desimali hizo mstari kwa mstari, kabla hazijafika kwenye jumla, na kuanzia hapo kinachoonekana na kilichohifadhiwa ni kitu kimoja.

Chini ya jedwali tunaweka kisanduku `jumlaNdogo`. Hapa JavaScript haihitajiki. Katika Calculate chagua njia ya kwanza, kujumlisha, na uandike jina `jumla` bila namba. Kwa sababu ya nukta katika majina, Acrobat inaviona `jumla.0` hadi `jumla.7` kama watoto wa jina moja, na inawajumlisha wote. Visivyo na kitu inavihesabu kama sifuri. Uwe makini tu na jina la kisanduku chenyewe. Ukikiita `jumla.ndogo`, umekiingiza katika familia ileile, kwa hiyo kinajijumlisha na chenyewe, na kila mtu anapobadilisha kisanduku chochote, namba inazidi kukua. Dalili yake haifichiki: jumla inapanda hata unapobadilisha idadi ya 6 kuwa 5.

Punguzo linahitaji visanduku viwili, kimoja cha asilimia na kimoja cha fedha. Kwenye cha asilimia, kishawishi ni kuchagua Percentage katika Format. Usichague. Acrobat huchukua thamani na kuizidisha kwa mia ili kuionyesha, kwa hiyo karani akiandika 5 ataona 500%, na ili aone 5% itabidi aandike 0.05. Karani gani atakumbuka hilo saa tisa alasiri mteja akiwa amesimama mbele yake? Chagua Number, andika alama ya asilimia kwenye karatasi yenyewe kando ya kisanduku, na ugawanye kwa mia ndani ya skripti. Thamani ya `baadaYaPunguzo` ni kutoa tu, na Simplified field notation inatosha: `jumlaNdogo - punguzo`.

Tumefika mahali ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kosa la hapa ndilo kubwa kuliko yote. Tunataka kupata `kablaYaVAT`, yaani usafiri, bidhaa baada ya punguzo, na ufungaji kwa pamoja. Mtu anaandika hivi, na kwa macho hakuna tatizo lolote:

```
var u = this.getField("usafiri").value;
var k = this.getField("baadaYaPunguzo").value;
var f = this.getField("ufungaji").value;
event.value = u + k + f;
```

Anajaribu kwa kuweka usafiri 3,500 na ufungaji 4,000, na jibu linatoka 135,503, sahihi kabisa. Anaridhika, anaikabidhi fomu kwa karani. Kisha anakuja mteja wetu mwenye gari lake, usafiri unaachwa wazi, na fomu inaandika 1,280,034,000. Zaidi ya shilingi bilioni moja kwa viti sita, meza na kabati.

Kilichotokea ni hiki. Kisanduku kilicho wazi hakina sifuri ndani yake, kina maandishi matupu. Katika JavaScript alama ya `+` ina kazi mbili: kati ya namba na namba hujumlisha, lakini upande mmoja ukiwa maandishi, huunganisha. Maandishi matupu yakikutana na 128003 hupatikana maandishi "128003", na hayo yakikutana na 4000 hupatikana "1280034000", namba mbili zilizobandikwa ubavuni. Format inaipokea, inaiwekea alama za maelfu, na inatoka imependeza.

Jambo linalofanya kosa hili liwe la hatari ni kwamba kuzidisha na kutoa hazina tabia hiyo. Ukizidisha kisanduku tupu, JavaScript hukigeuza kuwa sifuri kimyakimya. Kwa hiyo skripti ya punguzo inafanya kazi hata asilimia ikiwa wazi, na mtengenezaji anazoea kuamini kwamba tupu ni sifuri. Imani hiyo inavunjika kwenye `+` peke yake. Dawa ni kulazimisha kila thamani iwe namba kabla ya kujumlisha:

```
var u = Number(this.getField("usafiri").value);
var k = Number(this.getField("baadaYaPunguzo").value);
var f = Number(this.getField("ufungaji").value);
event.value = u + k + f;
```

`Number` ya maandishi matupu ni sifuri, na jibu linarudi kuwa 132,003. Ndiyo maana jaribio la fomu ya kotesheni halikamiliki mpaka umeliacha wazi kila kisanduku kinachoruhusiwa kuwa wazi, kimoja baada ya kingine. Fomu iliyojazwa yote huficha kosa hili daima.

VAT ni rahisi, lakini kiwango chake kiwekwe mahali pamoja. Wakenya wanakumbuka kwamba tarehe 1 Aprili 2020 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 kikarudishwa 16. Aliyekuwa ameandika `0.16` ndani ya skripti alilazimika kuitafuta na kuibadilisha mara mbili kwa miezi tisa, na kama aliiandika mahali patatu, pengine alibadilisha pawili. Kwa kotesheni yetu tofauti ya viwango hivyo ni shilingi 2,640.06. Weka kisanduku `kiwangoVAT`, ukipe 16 kama thamani ya mwanzo katika kichupo cha Options, kisha skripti ya VAT ikisome:

```
var k = this.getField("kablaYaVAT").value;
var a = this.getField("kiwangoVAT").value;
event.value = Math.round(k * a) / 100;
```

Kuzidisha kwa 16 kunatoa 2,112,048, ambazo ni senti, na kugawanya kwa mia kunazirudisha kuwa shilingi 21,120.48. Punguzo linaandikwa kwa mtindo uleule, ila majina ni yake. Kisanduku hiki cha kiwango kina faida nyingine: karakana ambayo haijasajiliwa kwa VAT haina ruhusa ya kuitoza, na Kenya usajili huwa wa lazima mauzo ya bidhaa na huduma zinazotozwa VAT yanapofika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Karakana ndogo inaweka 0 kwenye kiwango na kuendelea kutumia fomu ileile hadi siku itakaposajiliwa.

`jumlaKuu` ni `kablaYaVAT` pamoja na `VAT`, na kwa kuwa vyote viwili hukokotolewa na fomu, kujumlisha kwa njia ya kwanza ya Calculate kunatosha. Vifungie visanduku vyote vinavyojikokotoa kwa kuweka alama Read Only kwenye kichupo cha General, ili mtu asije akaandika juu ya jumla kwa bahati mbaya.

Fomu imekamilika, na bado inaweza kudanganya. Badilisha viti kutoka 6 kuwa 8 na uangalie chini. Mstari wa kwanza unasoma 60,000, lakini `jumlaNdogo` imebaki 134,740. Unagusa kisanduku kingine, labda unaandika ufungaji upya, na ghafla inaruka hadi 149,740. Jumla iko nyuma kwa hatua moja kila mara. Ukiona hivyo usizihangaikie skripti, hazina kosa. Kisanduku chochote kikibadilika, Acrobat hupitia hesabu zote mara moja, kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo kwa kawaida ni ule wa kuundwa kwa visanduku, si wa kukaa kwake kwenye ukurasa. Aliyechora jumla kwanza, au aliyeongeza mistari miwili ya jedwali mwezi mmoja baadaye, ana fomu inayojumlisha kabla ya kuzidisha. Katika menyu ya More ya zana ya Prepare Form kuna Set Field Calculation Order. Pandisha mistari yote ya `jumla` juu, kisha `jumlaNdogo`, `punguzo`, `baadaYaPunguzo`, `kablaYaVAT`, `VAT`, na `jumlaKuu` iwe ya mwisho. Mpangilio huu hauhusiani na ule wa kuhama kisanduku hadi kisanduku kwa kitufe cha Tab, ingawa wengi huwachanganya ndugu hawa wawili na kurekebisha asiyehusika.

Hesabu ikikwama na hujui ni wapi, bonyeza Ctrl na J ndani ya Acrobat Pro. Konsoli inafunguka, na makosa ya skripti huandikwa hapo pamoja na jina la kisanduku. Kosa la kawaida kabisa ni `this.getField(...) is null`, likiwa na maana kwamba jina uliloliandika halipo. Herufi kubwa na ndogo zinahesabika: `Idadi.0` si `idadi.0`. Na ukiona onyo la kwamba thamani hailingani na muundo wa kisanduku, hesabu imezaa kitu ambacho si namba. Tafuta mahali ulipogawanya kwa sifuri au ulipozidisha neno.

Linabaki swali la nani ataifungua. Skripti haziendeshwi na karatasi, zinaendeshwa na programu inayoonyesha karatasi. Acrobat Reader kwenye kompyuta inaziendesha, isipokuwa mtu amezima JavaScript katika mapendeleo yake, jambo ambalo baadhi ya ofisi hulifanya kwa ajili ya usalama. Firefox na Chrome huendesha nyingi ya zile rahisi. Preview ya Mac haiziendeshi, na vionyeshi vingi vya simu, pamoja na kile kinachofunguka ndani ya WhatsApp, huonyesha tu kilichohifadhiwa mara ya mwisho. Hatari si kwamba fomu itagoma kufunguka. Inafunguka vizuri, mtu anabadilisha 6 kuwa 8, fomu inampokea, na jumla inakaa palepale bila neno lolote la onyo.

Kwa ajili ya makarani wako mwenyewe unaweza kuitengenezea fomu onyo. Weka juu ya ukurasa kisanduku kiitwacho `onyo` chenye maandishi mekundu yanayosema hesabu haifanyi kazi katika programu hii, fungua kwa Acrobat Reader. Kisha katika skripti za waraka mzima, zinazoendeshwa faili linapofunguliwa, andika:

```
this.getField("onyo").display = display.hidden;
```

Programu inayoendesha JavaScript italificha onyo hilo. Isiyoendesha italiacha lionekane. Ila onyo likifichwa na faili likahifadhiwa, linabaki limefichwa, kwa hiyo lirudishe kwa `display.visible` katika tukio la Document Will Save, na ulifiche tena katika Document Did Save.

Mteja, kwa upande wake, hana haja ya kupokea fomu hai. Anachohitaji ni bei isiyobadilika. Karani akimaliza kujaza, aichape kwenda Microsoft Print to PDF, na nakala itakayotoka itakuwa na tarakimu zilizogandishwa, bila visanduku wala skripti. Mwenye Acrobat Pro anaweza kuandika `this.flattenPages()` kwenye konsoli na kupata matokeo hayohayo, lakini ahifadhi kwa jina jipya, maana faili likishahifadhiwa hivyo visanduku havirudi. Nakala hiyo igandishwe ikiwa na namba ya kotesheni na tarehe ya mwisho ya bei kwenye jina lake, na ifunguliwe kwanza kwa simu ya karani mwenyewe, aone kama jumla kuu inasoma 153,123.48, kabla ya kumtumia mteja.